Kasha la marehemu: umuuzie mwenye duka, ulipeleke mnadani au utafute mnunuzi mwenyewe?

Shangazi yangu alifariki Northampton mwaka juzi akaacha watoto watatu, mmoja wa kiume yuko Muscat na wawili wa kike wako hukuhuku Uingereza, na akaacha kasha. Si sanduku la hivihivi, kasha lile la Zanzibar, msaji mzito, misumari ya shaba imepangwa maua mbele na ubavuni, droo tatu chini, kifungio cha shaba kipana kama kiganja. Lilikuwa la bibi yake, likasafiri na meli, likakaa miaka arobaini kwenye korido ya nyumba ya kaunsili likibeba mablanketi. Hakuna kati ya wale watatu mwenye nafasi ya kuliweka, na yule wa Muscat alipopiga mahesabu ya kulisafirisha akasema basi uzeni tugawane.

Binamu yangu, mdogo wao, akanipigia maana anajua nilifanya kazi miaka sita kwenye nyumba ya mnada, moja ya zile za miji midogo, nikibeba makabati na kushika vitu juu watu wavione. Swali lake lilikuwa fupi: kaka, kuna mtu wa duka la vitu vya kale kanipa pauni 480, nichukue? Na hapo ndipo lilipoanzia hili lote, maana baada ya wiki mbili alikuwa na majibu matatu mezani na yote yanaonekana mazuri, na ukiyatazama kwa haraka utachagua lililo baya.

Kwanza kabla ya kuongea na yeyote nilimwambia afanye mambo mawili. Toa kila kitu ndani, vuta droo zote, bonyeza ule ubao wa pembeni wenye kisanduku kidogo, maana makasha haya mengi yana vichumba vya siri na mimi mwenyewe nimeona pete ya dhahabu ikitoka kwenye kabati baada ya mwenye kabati kuondoka. Pili usisugue shaba. Najua mkono unawasha, imefubaa, unataka ing'ae, lakini ile rangi ya uzee ndiyo inayomwambia mnunuzi kwamba misumari haijabadilishwa juzi. Makasha mapya yanatengenezwa Zanzibar mpaka leo, yanapendeza, na mtu akiona shaba inang'aa kama sufuria la arusi jambo la kwanza atakalowaza ni kwamba hili la watalii.

Halafu kuna ile karatasi. Shangazi alikuwa na karatasi ya bima ya miaka iliyopita inayosema kasha lina thamani ya pauni 2,000, na kaka wa Muscat aliishikilia hiyo kama hati ya nyumba. Jamani, thamani ya bima ni bei ya kwenda dukani kesho kununua lingine kama hilo, bei ya rejareja ya juu kabisa, ndiyo ambayo bima ingekulipa. Thamani ya mirathi ni nyingine, ni bei ambayo kitu kingeuzwa sokoni siku ile mtu aliyofariki, na hiyo mara nyingi ni nusu ya ile ya bima au chini yake. Kwenye fomu za mirathi kasha liliandikwa 700. Hiyo ndiyo namba ya kuanza nayo. Na kwa kitu cha bei hii kodi ya faida haikugusi, maana Uingereza kitu cha nyumbani kinachouzwa kwa pauni 6,000 au chini hakitozwi, kwa hiyo hilo tuliweke pembeni.

Mwenye duka

Watu wengi wanamwona mwenye duka kama mwizi. Anakupa 480, miezi mitatu baadaye unapita dirishani unaona kasha lako lina kibandiko cha 1,200 na moyo unakuuma. Lakini yeye analipa pango, ataitengeneza ile droo iliyovunjika, litamkalia pengine mwaka mzima, na akija mteja atataka apunguziwe. Kwa hiyo kununua kwa nusu ya bei ya dirishani au chini kidogo si uhalifu, ndiyo biashara yenyewe. Uzuri wake ni kwamba hakuna makato kabisa. Akisema 480 ni 480, gari lake, vijana wake, pesa kwenye akaunti kabla kasha halijatoka mlangoni.

Shida yake ni moja tu, yeye anajua kitu hiki na wewe hujui, na yuko upande wa pili wa meza. Usitegemee kwamba atakuambia kasha ni la thamani gani. Wapo walio wanachama wa vyama vyao kama BADA, kipo tangu 1918, au LAPADA, na hao wana kanuni za kufuata na pa kulalamikia, lakini anayegonga mlango mwenyewe baada ya kuona tangazo la msiba hana chama chochote, huyo mpe chai aende.

Sasa hapa nikuambie kitu nilichojifunza kwa kusimama nyuma ya mnada miaka sita, na ndicho kilichompa binamu pauni 100 za bure. Wenye maduka wananunua mnadani pia. Wanakuja asubuhi, wanafungua droo, wanageuza kiti, wanaandika namba ndogo pembeni ya kataloga, na ile namba ndiyo kikomo chao. Tuseme kwa kasha hili kikomo ni nyundo 500, yaani bei ambayo dalali anagonga nyundo kumaliza mnada. Nyundo ikigonga 500 yeye halipi 500, analipa na nyongeza ya mnunuzi, ile ada ambayo nyumba ya mnada inamtoza juu ya bei, asilimia 25 na VAT juu ya hiyo nyongeza, jumla ni asilimia 30, kwa hiyo anatoa 650. Na mwenye kasha je? Baada ya kamisheni na makorokoro mengine na gari la kulipeleka anabaki na kama 319. Umeona hiyo nafasi katikati? Mwenye duka yuko tayari kutoa 650, wewe ungepata 319, na zile zote za katikati zinaliwa na njia. Akija nyumbani kwako njia haipo. Kwa hiyo bei yoyote kati ya hizo mbili inawafaa nyote, na yeye anaanza na 480 akijua kabisa anaweza kupanda.

Binamu akamwambia tu kwa upole, nyumba ya mnada wamenipa makisio ya 600 mpaka 900, wewe ungelipa ngapi pale ukijumlisha na nyongeza yao? Jamaa akacheka. Akapanda mpaka 580 na hapo akasimama, akaonyesha ubao wa chini kwamba umebadilishwa, ni mbao laini ya kisasa siyo msaji, na kweli ulikuwa umebadilishwa, hatukuwa tumeona.

Kuna njia nyingine ya mwenye duka ambayo watu hawaiulizi, unamwachia kasha dukani kwake anauza kwa niaba yako na kuchukua kamisheni. Huyu alisema asilimia 30 na VAT, ataliandika 1,150. Likiuzwa kwa hiyo bei makato ni 414, wewe 736, ndiyo namba kubwa kuliko zote katika hadithi hii. Ila neno ni likiuzwa. Lini? Hajui. Kwa bei gani? Ukimruhusu kushusha atashusha. Na akifilisika kasha likiwa dukani utaanza kubishana na wadai wake kwamba hili si lake, kwa hiyo ukienda njia hii lazima karatasi iandikwe kwamba kasha ni mali yako mpaka lilipwe, picha ziwepo, bei ya chini iwepo, na tarehe ya kulirudisha iwepo. Watatu wanaosubiri mgao wa mirathi hawana subira hiyo. Tuliiacha.

Mnada

Sifa ya mnada ni kwamba nyumba ya mnada inalipwa asilimia, kwa hiyo kikipanda nao wanapanda, angalau kwa nadharia wapo upande wako. Nasema kwa nadharia kwa sababu kwenye kitu cha pauni 700 tofauti ya kukiuza 700 au 800 kwao ni kamisheni ndogo sana, wanachotaka ni kiondoke ghalani. Ndiyo maana makisio yanawekwa chini, na hiyo si hila mbaya, makisio ya chini yanavuta watu, watu wawili wakikutana bei inapanda. Mtu mmoja tu akija, hapo ndipo mnada unapoaibika.

Makato, polepole, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kuna kamisheni ya muuzaji, kwenye nyumba za kawaida hapa ni kati ya asilimia 10 na 20 hivi, yetu ilikuwa 15, na juu ya hiyo kamisheni VAT asilimia 20. Kuna ada ya picha, hii ilikuwa pauni 10 na VAT. Kuna bima ya kitu kikiwa ghalani kwao, asilimia 1.5 ya bei ya nyundo na VAT. Kuna gari, na kasha hili halipandi kwenye gari ndogo ya mtu, van na vijana wawili ilikuwa 70. Na kisipouzwa kuna nyumba zinatoza ada ya kutouza, na ukibadilisha mawazo ukataka kukitoa kabla ya siku kuna ada ya kukitoa, na hiyo inaweza kuwa sawasawa na kamisheni ambayo wangepata. Yote hayo yapo kwenye karatasi unayosaini, maandishi madogo nyuma. Soma nyuma.

Ukipiga hesabu kwa makisio yale, nyundo ikigonga 600 binamu angebaki na 399.20. Ikigonga 900 angebaki na 639.80. Kwa hiyo mtu anapokuambia kasha lako makisio 600 mpaka 900, sikio lako lisikie 400 mpaka 640, ndiyo lugha halisi. Sasa weka pembeni yake ile 580 ya mwenye duka. Umeona inavyobadilika? Ile 480 ilikuwa ya kukataa, 580 siyo ya kukataa hata kidogo.

Kamisheni inajadiliwa. Watu hawajui hili, wanaona imechapishwa wanafikiri ni kama nauli ya basi. Ukileta vitu kadhaa, au kitu kimoja kizuri, omba picha iwe bure, omba 15 iwe 12. Hata wale wakubwa wa London na New York wanayumba, Sotheby's Mei 2024 walipunguza nyongeza ya mnunuzi wakaweka kamisheni ya muuzaji iliyo wazi kwa kila mtu, haikumaliza mwaka, Februari 2025 wakairudisha nyongeza juu, asilimia 27 mpaka dola milioni 2. Na usijidanganye kwamba nyongeza ya mnunuzi haikuhusu kwa vile analipa yeye. Mnunuzi ana pesa moja mfukoni, akikata ya nyumba kwanza ndipo anajua ya kukupa wewe.

Bei ya chini, wenyewe wanaiita rizevu, ndiyo bei ambayo chini yake kasha haliuzwi. Kaka wa Muscat alitaka iwe 1,500 kwa sababu ya ile karatasi ya bima. Nikamweleza kisa cha mzee mmoja aliyeleta saa ya ukutani wakati nipo pale, makisio yetu 400, yeye kashikilia rizevu 900. Haikuuzwa. Akaileta tena mnada uliofuata kwa 500, haikuuzwa tena, kwa sababu sasa kila mtu anayefuatilia mtandaoni alishaiona ikikataliwa na akaanza kujiuliza ina ubovu gani. Mara ya tatu ikaenda kwa 220. Kitu kikishakataliwa hadharani kinanuka kwa muda. Kawaida rizevu inakaa kwenye makisio ya chini au pungufu yake kidogo, na uliza kama dalali ana ruhusa ya kushuka asilimia 10 chini ya hapo, maana nyumba nyingi wanajiwekea hiyo ruhusa kimyakimya. Tuliweka 550, bila ruhusa ya kushuka, imeandikwa.

Jambo jingine ambalo nadhani ni kubwa kuliko kamisheni yenyewe, ni mnada gani. Nyumba ileile inaweza kuwa na mnada wa kila wiki wa vitu vya majumbani, sofa, mazulia, mashine za kufulia, na mara chache kwa mwaka mnada maalumu wa vitu vya Mashariki na vya Kiislamu. Kasha likiwekwa kati ya sofa na friji litauzwa kama sanduku la mablanketi. Likiwekwa kwenye ule maalumu linaonwa na watu wa Ghuba, na Oman sanduku la misumari ya shaba kama hili wanalijua vizuri, wao wanaliita mandusi, liko kwenye kumbukumbu za kila nyumba. Tulisubiri miezi miwili kwa ajili ya hilo. Na tuliomba kuona maelezo ya kataloga kabla hayajachapwa, tukakuta wameandika sanduku la Kihindi. Si uongo kabisa, makasha mengi yalitengenezwa India yakaletwa Unguja na majahazi, lakini wanunuzi wanatafuta kwa kuandika Zanzibar chest, na kama hayo maneno hayapo hawakuoni. Wakabadilisha. Dakika tano za barua pepe.

Pia mnadani kuna hofu ya wenye maduka kukaa pamoja wakakubaliana mmoja tu ainue mkono kisha wagawane pembeni. Ni kosa Uingereza tangu sheria ya 1927, na siku hizi mtandao umewavunja nguvu maana hawawezi kukubaliana na mtu aliye Salalah kule Oman na simu yake. Rizevu ndiyo kinga yako kwa hilo.

Mnunuzi mwenyewe

Wa tatu alikuwa mtu wetu, Mzanzibari wa Milton Keynes, aliona picha kwenye kundi la wasap na akapiga simu usiku uleule, kasha kama la mama yangu, nakupa 700. Hakuna kamisheni, hakuna VAT, hakuna gari. Kwenye karatasi huyu ndiye anayeshinda, na kwa kitu ambacho hadithi yake ni sehemu ya thamani mara nyingi ndiye anayestahili, atalipenda, watoto wake watalikalia.

Akaja Jumapili, akanywa kahawa, akageuza kasha, akaona ubao wa chini. 650. Sawa, haki yake. Halafu ikaja ile sentensi ambayo nilikuwa naingoja: nitakupa 250 leo nyingine mwezi ujao na inayobaki baada ya Idi, si tunajuana. Na hapo bei ya 650 inakuwa kitu kingine kabisa, maana si bei tena ni mkopo, na ukimdai mtu wa jamii anayeonana na mama yako mdogo msikitini kila Ijumaa, wewe ndiye utakayeonekana huna adabu.

Kama si mtu wa jamii bali mtu wa mtandaoni, hatari ni nyingine. Muuzaji binafsi kwenye eBay ya Uingereza halipi ada ya mauzo tangu Oktoba 2024, sasa mnunuzi ndiye anayeongezewa ada ya ulinzi, kwa hiyo gharama si tatizo. Tatizo ni yule anayekubali bei yako yote bila kuuliza swali hata moja, anasema atatuma kampuni ya kusafirisha, kisha unaletewa barua pepe kwamba ulipe kwanza pauni 90 za bima utarudishiwa. Mnunuzi wa kweli anauliza maswali ya kuudhi. Lina urefu gani, misumari mingapi imekosekana, mguu wa nyuma vipi, nitumie picha ya chini. Asiyeuliza hanunui kasha, anakununua wewe. Na pesa ithibitishe kwenye programu ya benki yako, siyo kwa picha ya skrini aliyokuonyesha kwenye simu yake amesimama mlangoni na van inanguruma.

Bei unaijuaje bila mtaalamu? Nyumba nyingi za mnada zinakupa makisio bure kwa picha, na matokeo ya minada iliyopita yako wazi mtandaoni. Angalia bei zilizouzwa, siyo zinazoombwa. Mtu anaweza kuomba 3,000 kwa miaka minne.

Na kama ulichorithi si kasha bali kiti cha enzi, kile cha mpingo chenye vipande vyeupe, simama kwanza. Vile vipande vikiwa pembe ya ndovu Uingereza hukiuzi kwa njia yoyote kati ya hizi tatu bila kukisajili, sheria ilianza kutumika Juni 2022. Kilichotengenezwa kabla ya Machi 3, 1947 na pembe ikiwa chini ya asilimia 10 ya ujazo wake kinasajiliwa kwa pauni 20. Mnunuzi wa wasap hatakuuliza, na kosa litakuwa lako pia. Mara nyingine ni mfupa tu, mfupa una vitobo na mistari midogo myeusi, lakini mwachie mjuzi aseme.

Tulichofanya

Kwa hiyo mezani palikuwa na 580 taslimu leo, 650 kwa awamu tatu na aibu, na mnada wa kati ya 400 na 640, usiposhindwa kabisa. Kwa hesabu tupu ningemwambia chukua 580. Nilimwambia hivyo kweli.

Lakini kasha lilikuwa la watu watatu, marehemu aliacha wasia mgao uende kwa sheria ya dini, mtoto wa kiume nusu na dada kila mmoja robo, na mwenye nusu yuko Muscat halioni kasha, anaona namba tu. Tangu mwanzo sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu anayehisi anapunjwa. Wewe umeuza 580 kwa mtu uliyemjua wapi? Nani alisema ni 580? Na kama lingekwenda kwa yule wa Milton Keynes ingekuwa mbaya zaidi, mmempa mtu wenu. Mnada ndiyo pekee unaotoa karatasi ya mtu wa nje, namba ya kitu, bei ya nyundo iliyogongwa mbele ya watu na mtandaoni, kila kato kwa mstari wake. Yeye mwenyewe angeweza kuangalia moja kwa moja akiwa sebuleni kwake. Na binamu ndiye msimamizi wa mirathi, akiulizwa na yeyote kwa nini aliuza kwa bei ile ana jibu. Kwa mtu aliyerithi peke yake hoja hii haina uzito wowote. Kwa ndugu watatu ina thamani ya pauni kadhaa, swali ni ngapi tu.

Siku ya mnada alikuwepo mwenye duka wetu, nilimwona, alisimama kwenye 500 kama nilivyodhani. Baada yake walibaki simu moja na mtu wa mtandaoni, wakavutana kwa ishirini ishirini, nyundo ikagonga 780 kwa yule wa simu.

Hesabu yake hii hapa. Kamisheni na VAT yake 140.40, picha 12, bima 14.04, van 70. Jumla ya makato 236.44. Kilichobaki 543.56. Aliyenunua yeye alilipa 1,014. Pesa ziliingia wiki ya nne, maana nyumba ya mnada hailipi mpaka mnunuzi alipe, na huo ni muda wa kawaida, ukizidi hapo anza kupiga simu.

Yaani pungufu ya ile 580 kwa pauni 36.44. Hiyo ndiyo bei waliyolipa kwa ile karatasi. Kaka wa Muscat akapata 271.78, dada kila mmoja 135.89, na binamu akawatumia wote picha ya karatasi mstari kwa mstari. Kaka akakaa kimya siku mbili. Kisha akajibu, hakugusa kamisheni, hakugusa VAT, hata ile 1,014 hakuiuliza.

Van 70? Hamkuweza kuazima gari ya mtu?